Shajara ya mradi: stika ya Kiswahili kwa lebo za mafuta ya zeituni na jibini za Italia

Mradi una mazao mawili: kamusi ndogo ya maneno ya Kiitalia yanayokutwa kwenye chupa, makopo na vifungashio, na kiolezo cha stika ya Kiswahili inayobandikwa nyuma ya bidhaa. Walengwa ni waagizaji wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Kanuni ya kazi ni moja: stika isiseme zaidi ya lebo, wala isiseme pungufu yake. Ni rahisi kuitaja, na karibu kila wiki imetufutia rasimu.

Wiki ya 1: «Estratto a freddo»

Rasimu ya kwanza iliandika «yaliyokamuliwa baridi». Imefutwa, kwa sababu maneno yote mawili yanapotosha.

Tuanze na kukamua. Katika vinu vingi vya leo vya Italia zeituni hazikamuliwi. Huoshwa, husagwa pamoja na kokwa zake, na rojo linalopatikana hukorogwa polepole katika beseni liitwalo «gramola», kwa nusu saa hivi, hadi vitone vidogo vya mafuta viungane na kuwa vikubwa. Kisha rojo huingizwa katika pipa la chuma linalozunguka kwa kasi kubwa. Mzunguko huo ndio unaotenganisha mafuta, maji na mashudu, kwa kuwa uzito wake haulingani. Hakuna kinachobanwa hapo.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inaitambua tofauti hii. Kanuni (EU) 2022/2104, iliyochukua nafasi ya ile ya 29/2012, inaruhusu «estratto a freddo» au «estrazione a freddo» pale tu rojo lilipotenganishwa kwa mzunguko au kwa kuchujuka, likiwa chini ya nyuzi 27 za Selsiasi. Maneno «prima spremitura a freddo» ni jambo jingine kabisa. Hayo ni ya mafuta yaliyotoka kwenye shinikizo la kizamani: rojo hupakwa juu ya mikeka ya duara, mikeka hupangwa mmoja juu ya mwingine, kisha yote hubanwa kwa nguvu ya haidroliki, nayo pia chini ya nyuzi 27. Anayejua kifumbu cha kuchujia tui ameshaelewa mikeka ile inafanya kazi gani.

Hapo hapo kwenye tui pana mtego. Msomaji wa pwani akikuta «mkamuo wa kwanza», akilini anaona tui la kwanza, lile zito, na anaamini chupa isiyo na maneno hayo ina tui la pili. Sivyo. Mashudu yanayobaki kinuni hayarudishwi yakakamuliwa tena ili yauzwe kama mafuta ya daraja la chini kidogo. Kwa kawaida hupelekwa kiwanda kingine, huko hutolewa mafuta kwa kiyeyusho, na kinachopatikana kina jina lake kisheria, ambalo tumelishughulikia wiki ya 2. Kwa hiyo «kwanza» haipimi ubora kati ya chupa mbili za ekstra vajini. Inataja aina ya mtambo tu.

Sasa «baridi». Nyuzi 27 kwa Mwitaliano wa mwezi Novemba, msimu wa kuvuna, ni joto la kukoroga rojo baada ya kupasha beseni. Kwa mtu wa Dar es Salaam mwezi Februari ni afadhali ya kivulini. Ukimwandikia «baridi» atafikiri friji, na wauzaji wawili kati ya walioisoma rasimu waliuliza kama mafuta hayo yanapaswa kusafirishwa katika kontena la baridi. Swali lao ni la haki, na kosa ni letu. Neno hilo linahusu kinuni peke yake. Halisemi lolote kuhusu safari wala godauni.

Joto lina maana gani kinuni? Rojo likipashwa hulainika, mafuta hujitenga upesi, na mwenye kinu hupata lita nyingi zaidi kwa gunia lile lile. Anacholipa ni harufu, kwa sababu vitu vinavyonukia majani mabichi huruka na mvuke. Kukaa chini ya 27 ni kukubali kupata kidogo. Ndiyo maana neno lina thamani sokoni, na ndiyo maana kuna anayeliandika bila kustahili.

Maneno tuliyopitisha:

«Estratto a freddo»: *Yametolewa kwenye zeituni chini ya nyuzi 27 °C.*
«Prima spremitura a freddo»: *Yamekamuliwa kwa shinikizo, chini ya nyuzi 27 °C.*

Neno «kwanza» tumeliacha nje ya stika kwa makusudi. Hapa tunaonekana kuvunja kanuni yetu ya kutosema pungufu, na tulibishana. Uamuzi uliopita ni kwamba «kwanza» kwa Kiswahili linaahidi kitu ambacho Kiitalia cha kisheria hakiahidi. Kwenye kamusi limebaki na maelezo yake.

Njia ya kumkagua muuzaji bila maabara: omba «scheda tecnica», yaani karatasi ya maelezo ya bidhaa. Ikiwa lebo inasema «prima spremitura a freddo» huku karatasi inasema mtambo ni «ciclo continuo», «due fasi» au «tre fasi», moja kati ya hizo mbili ni ya uongo. Majina hayo matatu ni ya mitambo ya kuzungusha, si ya shinikizo. Na ikiwa «estratto a freddo» limeandikwa kwenye kopo la «olio di oliva» la kawaida, rudisha profoma bila kuuliza zaidi: neno hilo ni la «vergine» na «extra vergine» tu.

Wiki ya 2: Jina la aina, na sentensi ndefu ambayo hakuna anayeisoma

Kila kopo lazima liwe na jina la aina, na mbali na jina kuna sentensi moja ya lazima inayoeleza yaliyomo. Sentensi hiyo mara nyingi iko nyuma kwa herufi ndogo, na ndiyo tunayomshauri mwagizaji aanze nayo. Jina la biashara, tawi la mzeituni na bendera mbele ya kopo ni mapambo.

«Extra vergine» huambatana na sentensi hii: «Olio d'oliva di categoria superiore ottenuto direttamente dalle olive e unicamente mediante procedimenti meccanici». Mafuta ya daraja la juu, yametoka moja kwa moja kwenye zeituni, kwa mitambo peke yake. «Vergine» ina sentensi ile ile, ila bila «di categoria superiore».

Ukikutana na «raffinazione» ndani ya sentensi, umehamia kwingine. Hayo ni «olio di oliva», ambayo jina lake kamili husema yameundwa kwa mafuta yaliyosafishwa kiwandani yakachanganywa na mafuta ya vergine. Si mafuta mabaya. Yanafaa kukaangia, hayana harufu kali, na bei yake ni nyingine. Ubaya unaanza pale yanapouzwa kwa bei ya ekstra vajini.

Na ukikuta «derivati dalla lavorazione del prodotto ottenuto dopo l'estrazione dell'olio d'oliva», yaani yatokanayo na kusindika kilichobaki baada ya mafuta ya zeituni kutolewa, hayo ni «olio di sansa di oliva». Sansa ni mashudu, yale yale tunayoyajua kwenye alizeti na pamba. Stika yetu inasema *Mafuta ya mashudu ya zeituni*. Mwagizaji mmoja aliyesoma rasimu aliomba tuandike «mafuta ya sansa», akisema mashudu ni chakula cha ng'ombe na mteja ataikimbia rafu. Hilo ndilo jibu lenyewe: kama neno la kweli linamkimbiza mteja, neno geni lingekuwa linamficha kitu. Limebaki mashudu.

Aina hii ndiyo inayoleta hasara kubwa bandarini, maana haibadilishi jina tu bali na namba ya ushuru. Katika mfumo wa HS wa mwaka 2022, ekstra vajini ni 1509.20, vergine ni 1509.30, na mafuta ya mashudu yako katika kundi jingine la namba, 1510.90 yakiwa tayari kwa kuliwa. Ankara ikisema 1509.20 na kopo likasema «sansa», wakala wa forodha hana pa kujitetea. Tumeweka kipengele kwenye kiolezo: anayejaza stika aandike pia namba ya HS kutoka kwenye ankara, pembeni, isiyochapwa. Zisipokubaliana, stika haitoki.

Kuhusu jina la Kiswahili la «extra vergine» tumepoteza siku mbili. «Mafuta bikira» lipo mtaani na linachekesha. «Mafuta safi» linapotosha, kwa kuwa yaliyosafishwa ni yale mengine. Tumepitisha *Mafuta ya zeituni ekstra vajini*, na chini yake sentensi ya lazima kwa Kiswahili: *Mafuta ya daraja la juu yaliyotoka moja kwa moja kwenye zeituni kwa njia za mitambo tu.* Jina la mkopo linasomeka, sentensi inaeleza.

Wiki ya 3: Asidi 0,3

Dokezo fupi. Waitaliano huandika mkato pale sisi tunapoweka nukta. «Acidità 0,3%» ni sehemu tatu za kumi za asilimia moja. Jedwali la kompyuta lililowekwa kwa mfumo wa Kiingereza likipokea 0,3 laweza kulisoma kama neno, au likatupa mkato na kubaki na 3. Mafuta yenye asidi ya 3 hayaruhusiwi hata kuuzwa kwa mlaji kama vergine, kwani kikomo cha vergine ni 2.0 na cha ekstra vajini ni 0.8. Karatasi moja ya majaribio ilichapwa hivyo kabla ya kukamatwa. Sasa safu hiyo inakataa namba yoyote inayozidi 0.8 kwa ekstra vajini.

La pili: asidi hii haionjeki. Msomaji akiona «asidi» anatarajia uchachu wa ndimu, na akionja mafuta yakamkereketa kooni anasema asidi imezidi. Mkereketo huo ni «piccante», nao ni sifa njema ya mafuta mapya, pamoja na «amaro», uchungu. Kwa hiyo stika inaandika *asidi ya mafuta (haionjeki)*, na «piccante» tumeitafsiri *yenye kukereketa*, si «yenye pilipili» kama ilivyokuwa.

La tatu: sheria ya Ulaya hairuhusu asidi itajwe peke yake. Ikitajwa, lazima karibu yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, ziwepo namba ya peroksidi, kiasi cha nta, na vipimo vya mionzi ya urujuanimno. Kopo linalojitapa kwa «acidità 0,2%» kwa herufi kubwa bila namba hizo tatu lina kasoro tangu lilikotoka. Stika haiwezi kulitibu.

Wiki ya 4 na 5: «Stagionatura»

Hapa ndipo kazi imekaa muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Kosa la kwanza lililopatikana kwenye stika zinazotumika tayari madukani: «stagionatura 24 mesi» limeandikwa «hudumu miezi 24». Ni kinyume chake. Miezi 24 imeshapita kabla jibini haijafungwa. Stagionatura ni muda ambao gurudumu zima la jibini limekaa kwenye rafu za mbao, likigeuzwa na kupigwa brashi, likipoteza maji, huku vimeng'enya vikivunja protini na mafuta na kuzaa ladha. Mteja aliyeambiwa jibini inadumu miezi 24 ataiacha kabatini hadi iharibike, na muuzaji atalaumiwa.

Neno la Kiswahili lilituchukua muda. «Kuivishwa» lilipendekezwa kwanza, lakini kwa watu wa sokoni kitu kilichoivishwa ni ndizi zilizofukiwa au kutiwa dawa ili ziwahi. Stagionatura ni kusubiri, si kuharakisha. «Kuzeeka» linafanya bidhaa ionekane imechoka. Tumepitisha *kukomaa*: «Imekomaa miezi 24 au zaidi». Hilo «au zaidi» si pambo, kwa sababu lebo husema «minima» au «oltre», na bila hilo namba inakuwa kamili pasipo haki.

Pili, neno «stagionato» peke yake, lisilo na namba, halina miezi. Kila jibini yenye alama ya DOP, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, ina masharti yake, na ndiyo yanayoamua. Parmigiano Reggiano haiwezi kuitwa hivyo kabla ya miezi 12. Grana Padano inaanza miezi 9, ina daraja la zaidi ya miezi 16, na «Riserva» ni zaidi ya miezi 20. Pecorino Romano, ya maziwa ya kondoo, ni miezi 5 kwa ya kuliwa mezani na 8 kwa ya kukwangua. Halafu kuna Asiago, ambayo yaweza kuitwa «stagionato» ikiwa na miezi michache tu. «Vecchio» yake ni zaidi ya miezi 10 na «stravecchio» zaidi ya 15. Kwa hiyo neno lile lile linaweza kuwa na miezi michache au kupita mwaka. Anayelinganisha bei za profoma mbili kwa neno hilo analinganisha embe na chungwa. Tumeweka sharti: lebo ikisema «stagionato» bila namba, stika iandike *imekomaa*, basi. Namba ya masharti ya DOP inabaki kwenye kamusi, haiingii kwenye stika.

Sasa mfano uliotumika kupima hesabu. Kipande cha Parmigiano Reggiano cha takribani kilo 5, yaani sehemu ya nane ya gurudumu la kilo 40 hivi, kimefungwa bila hewa. Lebo inasema «stagionatura minima 24 mesi» na «confezionato il 10/06/2024». Kwenye ganda, katika herufi za vidoto vinavyozunguka ubavu wa gurudumu, kuna namba ya kiwanda na mwezi wa kuzaliwa: MAG 22.

MAG si Machi. Ni «maggio», Mei. Machi huandikwa MAR. Tumekuta pia GIU, Juni, ikichanganywa na LUG, Julai, na GEN ambayo ni Januari. Kamusi sasa ina ukurasa mzima wa miezi 12.

Ganda halitaji siku, kwa hiyo hesabu ianzie siku ya mwisho ya mwezi. Tukichukua 31 Mei 2022, miezi 24 inatimia 31 Mei 2024. Kufungwa kumefanyika 10 Juni 2024. Inatosha, hata kama gurudumu lilizaliwa siku ya mwisho kabisa ya Mei. Lakini kama lebo ingesema limefungwa 15 Mei 2024, ganda peke yake lisingethibitisha: gurudumu la tarehe 2 Mei lingefaulu na la tarehe 28 lingefeli, na macho hayawezi kuyatofautisha. Hapo unamwomba muuzaji orodha ya magurudumu yenye tarehe kamili. Kama kipande hakikubeba sehemu ya ganda yenye muhuri huo, vivyo hivyo.

Miezi ya ndani ya plastiki haihesabiwi. Jibini iliyofungwa ikiwa na miezi 24, ikakaa meli na godauni miezi minne, haijawa ya miezi 28. Kuna aliyejaribu kuiuza hivyo, kwa bei ya 28.

Kisanduku cha «tarehe ya kutengenezwa» kwenye fomu za uagizaji kimeleta kizaazaa chake. Ukijaza Mei 2022, mkaguzi anaona bidhaa ya miaka miwili na nusu na anauliza imebaki na nini. Ukijaza Juni 2024, unasema jibini ilitengenezwa siku ilipokatwa. Suluhisho la kiolezo ni mistari miwili tofauti: *Gurudumu lilitengenezwa: Mei 2022. Ilifungashwa: 10 Juni 2024.* Mistari hiyo miwili, pamoja na ule wa kukomaa, inajieleza yenyewe bila barua ya ziada.

Kuna pia malalamiko ya chembe nyeupe ngumu ndani ya jibini iliyokomaa sana. Mteja anadhani ni ukungu, au chumvi iliyoganda. Ni fuwele za tairosini, zao la protini kuvunjika, na ni dalili ya miezi mingi. Namna ya kutambua: fuwele ziko ndani ya nyama ya jibini, zinakatika menoni na hazina harufu. Ukungu hukaa juu, hufutika kwa kidole na hunuka. Tumeweka maelezo haya kwenye karatasi ya muuzaji, kwa kuwa stika haina nafasi.

Neno moja la pembeni ambalo muuzaji wa Zanzibar au wa Muskat asilipuuze: «affinato». Ni hatua ya mwisho ya kuipa jibini harufu kwa kuifunika na kitu. Inaweza kuwa nyasi kavu au pilipili manga, lakini «affinato nelle vinacce» ni makapi ya zabibu za divai, na jibini iitwayo «ubriaco», maana yake mlevi, hulazwa humo. Jina halikutania.

Wiki ya 6: Lisozima na caglio

Viambato vya Parmigiano Reggiano ni vitatu: maziwa, chumvi, «caglio». Kwenye lebo nyingi za Grana Padano kuna cha nne: «conservante: lisozima (proteina dell'uovo)», wakati mwingine kwa namba E1105. Hiki ni kimeng'enya kitokanacho na ute wa yai. Kazi yake ni kuzuia bakteria waitwao klostridia, ambao huja na majani yaliyovundikwa wanayolishwa ng'ombe, na huzalisha gesi miezi kadhaa baadaye hadi gurudumu kuvimba na kupasuka. Parmigiano inakataza majani ya kuvundika, kwa hiyo haihitaji lisozima, na masharti yake hayairuhusu.

Kwenye stika moja ya mtaani tuliyoipitia, mstari huo ulikuwa umeandikwa «kihifadhi: lisozima», mabano yakaachwa. Mwenye mzio wa mayai hana namna ya kujua. Hili ndilo kosa tunalolihesabu kuwa zito kuliko yote katika mradi, na kiolezo sasa hakikubali neno lisozima bila neno YAI kwa herufi kubwa.

«Caglio» ni kigandisho cha maziwa. Likiandikwa peke yake, soma mnyama: katika Parmigiano na Grana ni tumbo la ndama, katika Pecorino Romano ni la mwanakondoo. «Caglio vegetale» hutoka kwenye mmea, na «microbico» hutoka kwa vijidudu. Kwa mteja Mwislamu swali ni kama ndama alichinjwa kihalali, na lebo haijibu hilo. Inahitajika hati ya halali inayotaja bidhaa hiyo na kiwanda hicho, si kampuni kwa jumla. Kwa familia za Kihindi za Nairobi au Mombasa zisizokula nyama, kigandisho cha mnyama kinatosha kuirudisha jibini rafuni. Tulitaka kuandika «kigandisho cha ndama» moja kwa moja. Imekataliwa na kanuni yetu: lebo haikusema ndama. Stika inasema *kigandisho cha maziwa*, na mnyama anaandikwa kwenye karatasi ya muuzaji kutoka kwenye scheda tecnica.

Maandishi yaliyopitishwa kwa kipande cha Grana Padano:

*JIBINI NGUMU – GRANA PADANO DOP*
*Imekomaa zaidi ya miezi 16*
*Viambato: MAZIWA, chumvi, kigandisho cha maziwa, kihifadhi: lisozima (protini ya YAI)*
*Ganda haliliwi*
*Tunza kati ya nyuzi 4 na 8 °C*
*Ni bora itumike kabla ya: tazama tarehe kwenye lebo ya asili*
*Namba ya fungu: tazama lebo ya asili*

«Ganda haliliwi» linaingia tu pale lebo inaposema «crosta non edibile». Tarehe na namba ya fungu havinakiliwi. Kila kunakili ni nafasi ya kukosea, na fungu moja likikosewa tarehe, stika zote hubanduliwa kwa mkono.

Wiki ya 7: Tarehe, na mahali pa kubandika

«Da consumarsi preferibilmente entro il» ni bora kutumika kabla ya tarehe. «Da consumarsi entro» bila «preferibilmente» ni mwisho wa kutumika, na baada yake bidhaa haiuzwi. Neno moja la katikati ndilo linalotenganisha mafuta yaliyopungua harufu na jibini mbichi iliyo hatari. Kuna pia «entro fine 06/2026», ambapo «fine» ni mwisho: bidhaa ni nzuri hadi 30 Juni, si tarehe 1. Kosa la «fine» humnyima mwagizaji siku 29 za kuuza.

Kwa mafuta, tarehe hiyo inategemea sharti lililoandikwa karibu yake: «al riparo dalla luce e da fonti di calore», mbali na mwanga na joto. Godauni la mabati likipata jua la mchana, sharti limevunjika, na tarehe ya kwenye chupa inabaki namba tu. Chupa za kioo cheupe ndizo zinazoharibika kwanza. Dalili ni harufu ya karanga za zamani au penseli za rangi, pamoja na mkereketo kupotea.

Stika ya majaribio, upana milimita 70 na urefu 50, ilifunika muhuri wa duara-yai kwenye vipande vya jibini: ule wenye IT juu, namba ya kiwanda katikati, na CE chini. Huo ndio unaomwezesha mkaguzi kumtambua mtengenezaji. Usionekane, mzigo hauna baba. Stika imepunguzwa hadi 60 kwa 45, na maelekezo ya kubandika sasa yana picha inayoonyesha sehemu tatu zisizoguswa: muhuri, fungu, tarehe.

Gundi ya kawaida ya karatasi inaachia kwenye plastiki iliyotoka friji ikiwa na umande. Stika zibandikwe kabla ya jibini kutolewa chumba cha baridi, au baada ya kufutwa ikauka, la sivyo zinadondoka njiani.

Yaliyobaki: jibini iliyokwanguliwa. Mfuko ukiandikwa «Grana Padano DOP grattugiato» ni jibini hiyo peke yake. Ukiandikwa «miscela di formaggi duri grattugiati» ni mchanganyiko wa jibini ngumu usio na haki ya jina la DOP, hata kama picha ya gurudumu ni ile ile. Zote mbili huingia kwenye HS 0406.20, kwa hiyo kagulio letu la namba ya ankara haliwezi kuzitofautisha. Kinachotafutwa ni sharti jingine la kiolezo, pengine kulazimisha neno *mchanganyiko* liwe la kwanza kwenye stika. Rasimu yake ni ya wiki ya 8.